Kwa nini nimepandisha mega na ping imebaki ileile

“Mukubwa, biro yetu iko Lubumbashi na serva ya kazi iko Johannesburg. Tulikuwa na mega 5, asubuhi ping ilikuwa 22, jioni inapanda mpaka 125. Patro akalipa tuwekewe mega 20. Sasa asubuhi ni 22, jioni ni 125, hakuna kilichobadilika. Wametudanganya ao?”

Hapana ndugu, inawezekana kabisa mega 20 munazo kweli, shida ni kwamba kile mulichonunua na kile munachopima na ping, yaani milisekunde ambazo pakiti inakula kwenda na kurudi, ni vitu viwili tofauti. Pakiti ikitoka biro inapoteza muda kwa njia nne, na inapoteza tena kwenye kila kipande cha njia: ruta inaisoma na kuamua inapita wapi, inapiga foleni kama mbele kuna zingine, inasukumwa biti kwa biti kuingia kwenye waya, halafu biti zenyewe zinasafiri mpaka upande wa pili. Ruta inayofuata kwa kawaida inangoja pakiti nzima iingie ndipo iitume tena, njo maana ule muda wa kusukuma tunauhesabu upya kila kipande, hatuuhesabu mara moja tu.

```
jumla = kila kipande: kazi ya ruta + foleni + L/R + D/v
```

L ni ukubwa wa pakiti kwa biti, R ni mega za kipande kile, yaani biti milioni ngapi kwa sekunde, D ni urefu wake, v ni mwendo wa alama: karibu kilomita 200,000 kwa sekunde ndani ya fibri, na 300,000 hewani. Mega zinaonekana fasi moja tu kwenye L/R, na kwa foleni zinaingia kwa kupitia hapo hapo. D/v haina habari na mega zako hata kidogo.

Tuchukue njia inayofanana na yako, urefu na mega za mbele nazikadiria mimi. Antena yenu mpaka kwa mtoa konesio, hewani, kilomita 4, mega 5. Kutoka kwake mpaka Kasumbalesa fibri ya kilomita 100, tuseme amekodi mega 100. Kasumbalesa mpaka Lusaka kilomita 500 kwa giga 1, Lusaka mpaka Johannesburg kilomita 1,600 kwa giga 10. Pakiti iwe kubwa, baiti 1,500, ni biti 12,000.

Kusukuma kwanza. Kwa mega 5, biti 12,000 zinakula milisekunde 2.4. Kwa mega 100 ni 0.12, kwa giga 1 ni 0.012, kwa giga 10 haifiki hata hapo. Jumla 2.53, na unaona karibu yote imetoka kwenye antena yenu. Safari sasa: hewani 0.013, halafu 0.5, halafu 2.5, halafu 8, jumla 11.01. Ruta tatu za katikati tuzipe 0.05 kila moja, 0.15. Bila foleni, kwenda peke yake ni milisekunde 13.7, kwenda na kurudi 27.4.

Weka mega 20 sasa. Ile 2.4 inakuwa 0.6, namba zingine zote zinabaki vile zilivyo, kwenda na kurudi inakuwa 23.8. Mega zimezidishwa mara nne na umepata milisekunde 3.6 tu, juu ile 11 ya safari ni umbali, na hakuna abonema inayofupisha barabara ya Johannesburg.

Na wewe hata hizo 3.6 hukuziona, juu ping ya Windows inatuma baiti 32 tu, ukiongeza vichwa vya pakiti ni 60. Biti 480 kwa mega 5 zinasukumwa kwa milisekunde 0.1, kwa mega 20 kwa 0.024. Njia yote inatoa 22.5 zamani na 22.4 sasa, na Windows inaandika namba nzima. Njo ile 22 yako ya asubuhi.

Jioni sasa, fasi ambapo pesa ya patro ilitegemewa kusaidia. 125 kutoa 22 ni kama 103 hivi, na umbali haubadiliki jioni, ni foleni. Swali ni foleni ya wapi. Kama ingekuwa kwenye antena yenu, mfano pakiti kubwa 42 zinangoja kwa mega 5, ni 42 × 2.4, karibu 101, basi kwa mega 20 zilezile zingemalizika kwa 25 na ungeona ping inashuka sana. Haikushuka. Kwa hiyo foleni iko mbele yenu, na mimi ningetazama kipande cha Kasumbalesa: pakiti 850 zikijipanga kwenye mega 100 ni 850 × 0.12, milisekunde 102. Kila mteja wa jioni yuko kwenye mulongo huo, na wewe uko nyuma yao. Ni kama trela zinazongoja mupakani kule, ukipanua mulango wa parsele yako, mulongo wa Kasumbalesa haufupiki.

Usiniamini kwa maneno, pima. Fanya hivi asubuhi, halafu jioni:

```
ping -n 50 SERVA
ping -n 50 -f -l 1472 SERVA
tracert -d SERVA
```

Fasi ya SERVA weka anwani yako. Zile 1472 pamoja na vichwa 28 zinafika 1,500. Ikikuambia pakiti ni kubwa mno, punguza kidogo. Angalia ile namba ndogo kabisa kwa kila ping, usiangalie wastani. Asubuhi, tofauti ya ping kubwa na ndogo ni muda wa kusukuma: kwa mega 5 ingekuwa karibu 5, kwa mega 20 karibu 1.4. Ukikuta 1 ao 2, mega zenu ziko, hamukudanganywa (ila kama kushuka na kupanda hazilingani, tofauti inachanganya zote mbili).

Tracert inaonyesha muda wa kwenda na kurudi mpaka kila ruta ya njiani. Kwenye ile ya jioni, kwa mfano huu, ruta ya mtoa konesio ingetoa chini ya 1, Kasumbalesa 103, Lusaka 108, Johannesburg 124. Namba ikiruka fasi moja na ikabaki juu mpaka mwisho, foleni iko kwenye kipande hicho, kwa kwenda ao kwa kurudi, haisemi upande gani. Lakini ikiruka kwa ruta moja tu na inayofuata imeshuka tena, achana nayo, ile ruta imechelewa kujibu yenyewe, pakiti zinazopita hazikucheleweshwa. Hapo mimi niliwahi kukosea, nikabadilisha antena ya mteja bure.

Mega 20 zinafanya kazi kwenye faili. Tuma pakiti 1,000, asubuhi, kwa mega 5: ya kwanza inafika kwa 13.7, halafu kila moja inafuata nyuma ya mwenzake kwa 2.4, karibu sekunde 2.4 zote. Kwa mega 20 ni sekunde 0.6. Hapa usizidishe 13.7 mara 1,000, pakiti zinasafiri pamoja njiani, na kipande chembamba zaidi njo kinachoamua.

Kwa ping ya jioni, mupelekee mtoa konesio ile tracert ya siku tatu, ya saa moja asubuhi na ya saa moja usiku, umuulize amekodi mega ngapi kutoka Lubumbashi kwenda mupakani na jioni zinajaa kiasi gani.