Adivansi ya 36,000 kwa mshahara wa 40,000

Swali: "Mshahara wangu ni 40,000 kabla ya makato, na SACCO inachukua 8,000. Niliomba adivansi ya 36,000 nikatwe kwa miezi miwili, afisa utumishi akanirudishia fomu. Ananionea?"

Hajakuonea. Nimeandaa mishahara hapa Nakuru kwa miaka kadhaa, na fomu hiyo hata mimi ningeirudisha.

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kina vizingiti viwili, na wengi wanajua kimoja tu, kile cha theluthi: makato yote yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili za mshahara. Cha pili ni cha mkopo uliopewa na mwajiri mwenyewe. Huo haukatwi zaidi ya nusu ya kinachobaki makato mengine yakishatoka, tena lazima kuwe na makubaliano ya maandishi.

Sasa tia hesabu. PAYE, NSSF, SHIF na tozo ya nyumba zinakula kama 7,250 kwako. Weka na SACCO, ni 15,250. Umebaki na 24,750, nusu yake 12,375. Lakini theluthi mbili za 40,000 ni 26,667. Toa 15,250, nafasi iliyobaki ni 11,400 hivi. Kinachofuatwa ni kiwango kidogo, yaani 11,400. Wewe uliomba 18,000 kwa mwezi.

Omba upya kwa miezi minne, 9,000 kila mwezi. Utaondoka na 15,750 mkononi, na theluthi yako ni 13,333, kwa hiyo hakuna wa kukuzuia.

Fomu ikipita, isome memo ya idhini kabla ya kutia sahihi. Isiishie kwenye "atakatwa kwa miezi minne". Itaje mwezi wa kwanza wa kukatwa, kisha salio kila mwezi: 27,000, 18,000, 9,000, sufuri. Uliza pia mishahara hufungwa tarehe ngapi. Pale nilipoanzia kazi, memo moja ilinifikia mishahara ikiwa imeshafungwa, mwezi ukapita bila makato. Mwezi uliofuata bosi akataka nikate mara mbili. Nilikataa, maana kukata mara mbili kungevuka vizingiti vilevile; tukasogeza ratiba mbele mwezi mmoja, mfanyakazi mwenyewe akatia sahihi upya.

Sharti jingine ni la kuacha kazi. Kuna jamaa aliondoka akidaiwa 18,000, na memo ilisema "kwenye mshahara" tu. Watu wa idara ya fedha wakataka kuzitoa kwenye malipo yake ya likizo, yeye akasema hakukubali hilo popote. Walivutana wiki tatu, na cheti chake cha kazi kikakaliwa bure, jambo ambalo kwa kweli halikuwa haki. Siku hizi naandika wazi: salio litatolewa kwenye malipo ya mwisho, na yasipotosha, tarehe ya kulipa kiasi kilichobaki ni fulani. Kama memo yako haina sentensi hiyo, mwambie afisa utumishi aiongeze, na ubaki na nakala yenye sahihi zote mbili.