Akiba ya dharura kabla ya hisa: hesabu ya mtu wa kandarasi hapa Mombasa

*"Nafanya kazi hotelini Bamburi kwa kandarasi ya msimu, mkononi napata 45,000. Nimeweka 60,000. Nataka kununua hisa za Safaricom, jamaa wananiambia niweke akiba kwanza. Kwa nini, na akiba yenyewe iwe ngapi?"*

Usinunue bado, ndugu. Hisa si mbaya, ila kwa kazi yako kuna hatari ambayo mwalimu au karani wa serikali hana: mshahara wako na bei za hisa vinaweza kuanguka wiki moja. Machi 2020 ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 13, siku kisa cha kwanza cha korona kilipotangazwa Kenya, hisa zilishuka hadi Soko la Hisa la Nairobi likasimamisha biashara. Kabla mwezi haujaisha ndege za abiria kutoka nje zilizuiwa, na hoteli za pwani zikaanza kufunga milango. Mtu aliyetegemea kuuza hisa ili alipe kodi ya nyumba alilazimika kuuza siku mbaya kuliko zote.

Tazama kuuza kwa lazima kunavyokula. Hisa ya Safaricom ilipita shilingi 40 mwaka 2021, na mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Tuseme ulinunua kwa 40, kazi ikakatika bei ikiwa 14, nawe unataka 33,000 za mwezi mmoja. Ukitoa ada za kuuza, tukizikadiria asilimia 2, kila hisa inakuachia shilingi 13.72. Utauza hisa 2,405 hivi, ambazo zilikugharimu shilingi 96,200. Yaani matumizi ya mwezi mmoja yamemeza karibu laki nzima ya jasho lako. Mwenye akiba pembeni angeziacha hisa zake zitulie.

Na pesa yenyewe haiji siku ileile. Ukiuza Alhamisi, malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi, yaani Jumanne, ndipo dalali akutumie benki. Hapo ni kama mnunuzi amepatikana. Hisa za kampuni ndogo zaweza kukaa siku kadhaa bila wa kuzitaka. Hospitali haisubiri hivyo.

Sasa kiasi. Usipige hesabu kwa mshahara, piga kwa matumizi ambayo hayakwepeki hata ukiwa nyumbani. Chukua nyumba ya Kisauni: kodi 9,000, chakula 12,000, karo ikigawanywa kwa miezi 5,000, umeme na mitungi ya maji 2,500, dawa 1,500, ya mama mzazi 3,000. Jumla 33,000. Nauli ya kwenda kazini haimo, kwa sababu kazi ikikatika nayo inakatika. Zako zaweza kuwa tofauti. Andika matumizi ya miezi 3 iliyopita ndipo ujumlishe, maana kichwa husahau vitu vidogo.

Mwenye ajira ya kudumu miezi 3 humtosha. Wewe wa msimu nakushauri 6, yaani 198,000. Masika peke yake, Aprili hadi Juni, hoteli nyingi hupunguza watu, kwa hiyo miezi 3 huisha kabla wageni hawajarudi. Zaidi ya 6 sioni haja, labda kama nyumba nzima inakutegemea wewe peke yako.

Usiziweke zote mahali pamoja. Za mwezi mmoja, 33,000, ziwe benki kwenye akaunti tofauti na ya mshahara, uweze kuzitoa hata usiku. Zilizobaki ziende kwenye mfuko wa soko la fedha, unaokusanya pesa za watu wengi na kuzikopesha serikali na benki kwa muda mfupi, wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Huko zinapata riba, na kuzitoa kwa kawaida ni siku 1 hadi 3 za kazi. Riba hukatwa kodi ya asilimia 15, na mfuko huo hauna ile bima ya amana inayolinda hadi 500,000 benki. Amana za chama cha akiba na mikopo usizihesabu hapa: kwa kawaida huzipati mpaka ujitoe uanachama, na ukiwa umemdhamini mwenzako zimefungwa.

Kwa hiyo 60,000 yako: 33,000 benki, 27,000 kwenye mfuko. Kama kuna deni la Fuliza au mkopo wa simu, lilipe kwanza, kwani gharama yake inashinda riba yoyote utakayopata. Kisha weka 8,000 kila mwezi. Baada ya miezi 5 unafika laki moja, miezi 3 ya matumizi. Hapo ndipo ufungue akaunti ya CDS, ile inayotunza hisa zako, na kugawa zile 8,000: 4,000 hisa, 4,000 akiba, mpaka ifike 198,000. Msimu wa Desemba ukileta bakshishi nzuri, ielekeze kwenye akiba.

Jambo moja linalowaangusha wengi: karo, Idd na harusi si dharura, tarehe zake zinajulikana. Zitengee mfuko wake. Ukiona unachota akiba kila mwisho wa mwezi, kasoro iko kwenye ile hesabu ya 33,000, umeipunguza kuliko maisha yako yalivyo. Irekebishe kabla ya kugusa hisa.