Asilimia 82 ya kigunduzi si asilimia 82 ya kosa

*"Mimi ni katibu wa kamati ya nidhamu ya chuo kimoja hapa Mwanza. Ripoti ya mwanafunzi imepewa 82% na kigunduzi cha akili mnemba. Wajumbe wanasema kiwango chetu cha uthibitisho ni kuvuka nusu, na 82 imevuka, basi tumalize. Wako sahihi?"*

Hawako sahihi, Ndugu Katibu. Wameisoma vibaya hiyo namba. Kwenye Turnitin, kwa mfano, 82% maana yake ni kwamba katika maandishi yaliyopimwa, programu inakadiria asilimia 82 yametoka kwa mashine. Hicho ni kiasi cha maandishi. Mizani yenu inauliza jambo jingine: je, kuna uwezekano zaidi kwamba mwanafunzi huyu alitenda kosa kuliko kwamba hakutenda? Kilo za sangara hazikwambii kama amevuliwa kwa nyavu halali.

Swali lenu lina hesabu yake. Chukueni mfano wa ripoti 200, ambamo wanafunzi 20 kweli walitumia mashine. Kigunduzi kinawanasa 16 kati yao. Kwa wale 180 wasio na kosa, kikikosea asilimia 5 tu, kinawaonea 9. Kwa hiyo mna watuhumiwa 25, na 16 ndio wakosaji, ambayo ni asilimia 64. Hapo nusu imevukwa, ingawa kwa gharama ya kuwaonea watu 9 wasio na kosa. Sasa makosa yake yakiwa asilimia 15, wanaoonewa ni 27. Watuhumiwa wanakuwa 43, wakosaji ni wale wale 16, sawa na asilimia 37. Mmeshuka chini ya nusu, na kwenye skrini hakuna kilichobadilika. Waulizeni wajumbe: kwa wanafunzi wa chuo chenu, kigunduzi kinakosea mara ngapi? Asiyejua jibu hawezi kusema nusu imevukwa.

Hiyo 15 si ya kutishia watu. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walivipa vigunduzi 7 insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 61 ziliitwa kazi ya mashine. Turnitin haikuwemo, lakini sababu waliyoiona inatuhusu. Vigunduzi vile vilitazama jinsi neno linalofuata linavyotabirika. Kijana aliyeanza na Kisukuma, akasoma kwa Kiswahili, kisha akaandika ripoti kwa Kiingereza, hushika maneno aliyoyazoea, na maneno yaliyozoeleka ndiyo yanayotabirika. OpenAI nao walitoa kigunduzi chao Januari 2023, wakakiondoa Julai mwaka huo huo kwa sababu ya usahihi mdogo.

Halafu kuna suala la kuuhoji ushahidi. Kwenye wizi wa maandishi mnaweka kurasa mbili mezani, ya mwanafunzi na ya alikonakili, kila mtu anaona. Hapa hakuna ukurasa wa pili. Mtuhumiwa akiuliza "imetoka wapi?", nani atamjibu? Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, mbele ya mahakama au chombo kingine kinachohusika. Utajiteteaje dhidi ya namba isiyohojika?

Niliwahi kumsimamia binti aliyeshtakiwa hivyo. Ripoti yake ilihusu ukaushaji wa dagaa, na data alizikusanya Mwaloni, Kirumba. Alikuja na daftari la uwandani linalonuka dagaa, kurasa mbili zimegandana. Mjumbe mmoja, mkali kweli, akamwuliza kwa nini kwenye jedwali sampuli ya siku ya tatu ni nzito kuliko ya siku ya pili, ilhali dagaa walikuwa wanakauka. Akajibu hapo hapo: mvua ilinyesha alasiri, turubai likachelewa kufunikwa. Daftarini, kwa kalamu tofauti, palikuwa na maneno "mvua saa 9". Swali lile moja lilikuwa na uzito kuliko ile asilimia, na lingeweza pia kummaliza. Asiyejua jedwali lake limetoka wapi, au aliyetaja makala ambayo haipo kwenye jarida lolote, amewapa ushahidi wa kweli.

Kwa hiyo 82% itumieni kama sababu ya kufungua uchunguzi. Ombeni rasimu na historia ya mabadiliko ya faili, daftari, na insha aliyoiandika ndani ya chumba cha mtihani. Mwiteni aeleze kazi yake kwa Kiswahili, maana hampimi Kiingereza chake. Na kama barua ya mashtaka imetaja hiyo asilimia peke yake, iondoeni kabla ya kikao, mwandike upya mkitaja aya mnazozitilia shaka na sababu zake, kisha mpeni muda mpya wa kujibu.