Wastani umekosewa, mkengeuko sanifu uko sawa

"Mwanafunzi kanitumia picha ya daftari. Makundi ni 40–49, 50–59, 60–69, 70–79. Marudio 3, 8, 6, 3. Kapata wastani 59.5 badala ya 59, ila mkengeuko sanifu, 9.21, ni sahihi. Kosa lilianzia wapi?"

Kuza picha kwenye safu ya x. Bila shaka utakuta 45, 55, 65, 75. Nukta ya kati ya 40–49 ni (40 + 49) ÷ 2 = 44.5, yeye kachukulia kundi linaishia 50. Zidisha x zake kwa marudio: jumla ni 1190, na 1190 ÷ 20 = 59.5. Kwa hiyo baada ya safu hiyo hakukosea tena, na alama za njia anastahili. Kwa x sahihi jumla ni 1180.

Mkengeuko umenusurika kwa sababu kila x imepanda 0.5 na wastani umepanda vilevile, hivyo tofauti zao hazibadiliki. Angekuwa na x sahihi akakosea kujumlisha tu, kisha akatumia 59.5 kutafuta tofauti, angepata 9.22. Tarakimu hiyo ya mwisho inasaidia hasa pale safu ya x inapokuwa na ukungu pichani.