Sivi moja, matangazo kumi ya stoo

«Naomba kazi ya stoo kwenye migodi hapa Lubumbashi, hawaniiti. Dada mmoja ameniambia nijifunze Kiingereza tu. Kaka, nitajuaje ninachokosa?»

Ndugu, chagua matangazo kumi ya cheo kimoja. Tangazo lililorudiwa na wakala mwingine lihesabu mara moja, la sivyo litakudanganya. Fungua Excel: kila mstari tangazo, kila safu sharti. Andika L kama ni lazima, F kama ni faida tu, halafu hesabu chini:

```
=NB.SI(C2:C11;"L")
```

Hiyo ni ya Excel ya Kifaransa.

Kazi ngumu ni kuunganisha majina. Mmoja ataandika SAP, mwingine «programu ya kusimamia akiba». Vipe safu moja, ukiandika pembeni nani aliitaja SAP kwa jina. Tuseme safu hiyo ina L saba, Kiingereza sita, leseni ya foklifti mbili. Leseni iache kwanza, hata kama ndiyo rahisi kupata.

Kisha rudi kwenye sivi. Ukiwa umeandika «najua kompyuta» tu, na kila mwezi unalinganisha hesabu ya Excel na mali iliyo rafuni, hilo si pengo. Liandike hivyo hivyo, wazi.

Dada aliyesema ujifunze Kiingereza tu yuko sawa nusu: angalia kama wanataka kuzungumza au kusoma fomu. Kama kozi ya SAP bila mazoezi ya kazini itawatosha waajiri au la, hapo hata sisi wa stoo hatukubaliani.