Maswali na majibu: Kuondoa vyuma vya meno kwenye picha ya kijana

Nimepiga picha ya binti wa miaka 15 mwenye vyuma vya meno. Nikivifuta kwa Healing Brush ya Photoshop, meno yote yanageuka ukuta mmoja mweupe. Nakosea wapi?

Brashi hiyo huchanganya rangi za pembeni. Ukiipitisha karibu na ufizi au mstari mweusi unaotenganisha meno, weusi na wekundu huvujia ndani ya jino, na ukizidi kusahihisha, mistari yenyewe inapotea. Fungua leya mpya tupu, chukua Clone Stamp, na kwenye Sample weka Current & Below. Brashi isizidi theluthi ya upana wa jino, na Hardness iwe kama 50%.

Anza na waya, tena pale unapokatiza kati ya jino na jino. Mstari wa giza bado unaonekana juu na chini ya waya, kwa hiyo uunganishe kutoka pande hizo mbili mpaka ukutane. Mistari hiyo ndiyo inayoshika umbo la meno. Ikishakaa sawa, kilichobaki ni kazi ya subira tu.

Sasa nenda kwenye kibanio, kile kipande kilichogandishwa kwenye jino kushika waya, jino moja kwa wakati. Kwa kawaida hukaa katikati ya jino, kwa hiyo utakuta enameli safi chini yake na utepe mwembamba juu, karibu na ufizi. Nusu ya juu ya kibanio ifunike kwa enameli ya juu, nusu ya chini kwa ya chini. Usichukue yote sehemu moja, kwa sababu jino halina rangi moja: karibu na ufizi lina umanjano kidogo, na kwenye ncha linaelekea kijivu kwa kuwa hapo linapitisha mwanga. Zinapokutana nusu hizo, shusha Opacity hadi 30% na upite taratibu hadi mpaka kati yake ufifie.

Bado jino litaonekana bapa, maana kibanio kilikalia mahali ambapo mwanga hung'aa. Tazama nukta ya mwanga ndani ya macho ya binti. Ikiwa taa iko upande wa kushoto wa picha, mng'ao wa kila jino nao ukae kidogo kushoto. Uchore kwa brashi laini kwenye leya yake peke yake, kwa rangi ya jino iliyopaushwa kidogo, wala si nyeupe tupu. Meno ya mbele yang'ae zaidi, na kadiri unavyoelekea nyuma ya mdomo mng'ao upungue.

Jino moja la mbele limefunikwa karibu lote. Naweza kunakili la pili yake?

Unaweza, ila la jina lake tu: jino kuu la mbele kwa jino kuu la mbele, chonge kwa chonge. Linakili, tumia Flip Horizontal, kisha Warp ulilaze ndani ya mipaka ya jino lenyewe, hasa ncha na ukingo wa ufizi, ambavyo mara nyingi bado vinaonekana. Ukiligeuza, mng'ao nao umehamia upande usio wake, kwa hiyo ufute uuchore upya. Kama jino halisi limepinda kidogo, liache lipinde. Mapacha waliolingana kabisa huonekana kama meno ya bandia.

Vimpira vya bluu vimeacha rangi kwenye meno hata baada ya kufuta.

Huo ni mwanga wa bluu ulioakisiwa kwenye enameli. Weka leya yenye modi ya Color, chukua rangi ya sehemu safi ya jino hilohilo, paka kwa wepesi. Kagua pia upande wa ndani wa mdomo wa chini, watu wengi huusahau.

Na riteina ya plastiki isiyo na rangi?

Hiyo huvuliwa, kwa hiyo mwombe kijana aitoe kwa dakika chache kabla ya kupiga. Ikiwa picha imeshapigwa, kinachoifichua ni mng'ao mmoja mrefu unaopita juu ya meno kadhaa bila kukatika. Ukate kwenye kila mwanya, kisha ufute ukingo wa plastiki ulio kwenye ufizi.

Mama anataka vyuma vitoke, mtoto anasema viachwe. Nimsikilize nani?

Sura ni ya mtoto. Mimi huzungumza nao wote wawili kabla ya kugusa kitu, na mtoto akikataa, siviondoi.

Nitajuaje kwamba sikubadilisha umbo la meno?

Zima na uwashe leya za marekebisho mara kadhaa huku umekaza macho kwenye ncha za meno na ukingo wa ufizi. Vyuma ndivyo viwe vinatokea na kutoweka. Ncha au ufizi ukiruka hata kidogo, rudi kwenye jino hilo ufute ulichopaka pembeni. Fanya hivyo kwanza kwa 200%, kisha kwa ukubwa ambao picha itachapwa.