Mpwa wake anasema mzee amefariki. Nichapishe?

*Shikamoo mhariri. Nasimamia kurasa za mtandaoni za redio moja ya mkoani. Juzi usiku ilisambaa habari kwamba mwanasiasa mstaafu wa huku kwetu amefariki. Kurasa kama kumi zilikuwa zimeshaposti picha yake na mshumaa. Nikampata mpwa wake, akasema ni kweli. Hospitali walikataa kusema lolote, na kwenye WhatsApp ikazunguka barua yenye nembo ya chama. Sikuposti, na bosi akanilaumu kwamba tumeachwa. Je, kwa vyanzo hivyo ningepaswa kuchapisha?*

Marahaba. Usingepaswa, na bosi akitaka sababu mwambie hivi: katika wote uliokuwa nao, hakuna aliyekueleza amejuaje.

Kifo hushuhudiwa na watu wachache. Kuna aliyekuwa kando ya kitanda, kuna daktari au muuguzi aliyethibitisha, na kuna ndugu aliyeitwa na hospitali kupewa taarifa. Hao wanajua. Wengine wote, hata wawe watoto wa damu, wameambiwa. Kazi yako usiku ule ni kumfuata mtu mmoja mmoja nyuma mpaka ufike kwa anayejua, au ufike mahali njia inapokatika. Ikikatika huna habari, hata kama kurasa mia zimeshaposti.

Chukua kisa cha Heath Streak, nahodha wa zamani wa timu ya kriketi ya Zimbabwe. Tarehe 23 Agosti 2023 habari ilienea duniani kwamba amefariki. Streak alikuwa na saratani na watu walijua anaumwa sana, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Aliyeandika kwenye mtandao kwamba ameondoka alikuwa Henry Olonga, mchezaji mwenzake wa zamani, mtu wa kweli na akaunti yake ya kweli. Baada yake wachezaji wengine wakatoa rambirambi, magazeti yakazinukuu rambirambi hizo, na tovuti nyingine zikayanukuu magazeti. Mhariri aliyekaa ofisini aliona ushahidi unazidi kuwa mzito kila dakika, kumbe ni sauti ileile inarudi kutoka pande mbalimbali. Baada ya saa chache Olonga mwenyewe akarudi kuandika kwamba Streak yu hai na ametoka kuwasiliana naye. Streak naye akazungumza na waandishi na kusema habari ile imemuumiza.

Olonga hakuwa mzushi. Alikuwa mtu wa karibu aliyeambiwa na mtu, akaamini. Mpwa wa mzee wenu anaweza kuwa hivyohivyo, na ndiyo maana ndugu asiyekuwepo ni hatari kuliko ukurasa wa udaku: tunamwamini kabla hatujamuuliza. Ungemuuliza, "Wewe umeipata kwa nani, saa ngapi?" huenda angekujibu kwamba ameiona kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na aliyeiweka huko aliinakili kutoka kwenye mojawapo ya zile kurasa kumi. Hapo chanzo chako cha kwanza na cha pili vinageuka kuwa kimoja, tena kisicho na jina.

Kwa hiyo mpwa ni wa kukufikisha kwa mwingine. Muombe namba ya anayemuuguza mzee au ya mkubwa wa familia, kisha upige simu. Usitume ujumbe, na usianze na pole. Ukianza na "poleni kwa msiba", umeshamwekea mwenzako maneno mdomoni, na kama mzee yuko hai umemwangushia mkewe jambo zito kwa njia ya kikatili kuliko zote. Mimi huanza hivi: "Shikamoo mama. Naitwa fulani, napiga kutoka redio fulani. Samahani kwa kupiga saa hizi. Kuna maneno yanasambaa kuhusu hali ya mzee, na nisingependa kuandika chochote kabla ya kusikia kutoka nyumbani. Mzee anaendeleaje?" Kisha nyamaza. Usijaze ukimya, mwache aseme.

Akisema amefariki, sasa ndipo utoe pole, na uitoe kwa utulivu. Baada ya hapo uliza mambo manne tu: ilikuwa lini, ilikuwa wapi, nani alikuwa naye, na nani ataisemea familia. La tano ni la utu, na waandishi wengi hulisahau: je, watoto na ndugu wote wa karibu wameshaambiwa? Akikuomba usubiri nusu saa kwa sababu binti yuko safarini na hajajua, subiri. Sijawahi kuona habari iliyoharibika kwa nusu saa hiyo, na familia iliyotendewa hivyo ndiyo itakayokupokea simu kesho utakapotaka ratiba ya mazishi.

Tukija kwa mamlaka, wengi hudhani kila mwenye cheo anatosha. Tarehe 2 Oktoba 2017 mwanamuziki wa Marekani Tom Petty alikutwa hana fahamu nyumbani kwake Malibu. Mchana CBS News wakatangaza kwamba amefariki, wakisema wamethibitishiwa na polisi wa jiji la Los Angeles. Polisi hao baadaye wakasema hawana taarifa hizo na kwamba tukio halikuwa mikononi mwao. Petty alikuwa bado hospitalini, akafariki usiku huo, na aliyetangaza ni meneja wake kwa niaba ya familia. Polisi wale walikuwa polisi kweli, ila Malibu si eneo lao, iko chini ya ofisi ya sherifu wa kaunti. Swali la "umejuaje" linamhusu na mwenye sare.

Kwa mwanasiasa mstaafu wa mkoani, anayeweza kujua rasmi ni katibu wa chama wa mkoa au ofisi ya mkuu wa mkoa, na hao pia waulize wameambiwa na nani. Kiongozi wa kitaifa ni habari ya Ikulu: kifo cha Mzee Mkapa Julai 2020 kilitangazwa na Rais Magufuli mwenyewe. Hospitali kukataa kusema usilihesabu popote. Wanalinda siri ya mgonjwa, na wangekujibu vivyo hivyo angekuwa anakula uji wodini. "Ongeeni na familia" si uthibitisho, na "hatuwezi kuzungumzia hilo" pia si uthibitisho.

Barua nayo isikusumbue sana kichwa kwa kukagua nembo na mhuri, maana vyote viwili hutengenezwa kwa simu ndani ya dakika chache. Soma jina la aliyesaini, kisha mpigie kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya usiku ule, si ile iliyochapwa chini ya barua. Asipopokea, mpigie msaidizi wake au katibu wa wilaya, umuulize kama barua imetoka ofisini kwao. Akaunti za mtandaoni uzipime vivyo hivyo. Agosti 2018 akaunti iliyobeba jina la waziri wa utamaduni wa Ugiriki, aliyekuwa ametoka tu kuteuliwa, ilitangaza kifo cha mwongozaji filamu Costa-Gavras. Vyombo vya habari vikaibeba, na Costa-Gavras mwenyewe akalazimika kujitokeza kusema yu hai. Akaunti ilikuwa ya Tommaso Debenedetti, Mwitaliano aliyezoea kuua watu mashuhuri mtandaoni kwa akaunti bandia. Kwenye X siku hizi tiki ya bluu hununuliwa kwa mwezi, kwa hiyo haikuambii kitu kuhusu nani yuko nyuma ya jina.

Basi kiwango ninachokutaka ushike ni hiki: mtu mmoja wa familia anayejua kwa kuwepo au kwa kuambiwa na hospitali, pamoja na chanzo kimoja rasmi ambacho hakikuipata taarifa kwa ndugu huyohuyo. Familia ikitoa tamko lenyewe kupitia msemaji uliyeongea naye kwa sauti, hilo peke yake linatosha.

Kuna wakati kiwango hicho hakifikiki, na usidanganywe kwamba njia hii hutatua yote. Machi 2021 uvumi kuhusu afya ya Rais Magufuli ulienea, huku viongozi wakisema hadharani kwamba yupo na anaendelea na kazi. Kisha tarehe 17 Machi Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akatangaza kifo chake. Katika siku kama hizo mwandishi hana haki ya kutangaza kifo ambacho hakuweza kukithibitisha, lakini halazimiki pia kuandika kwamba yote ni salama. Kilichoweza kuandikwa kwa uhakika ni kile ambacho kila mtu angeweza kukikagua: kwamba Rais hajaonekana hadharani tangu mwishoni mwa Februari, nani amesema nini, lini, na wapi. Maneno ya kiongozi yabaki kuwa ya kiongozi, yasigeuke kuwa ya redio yako.

Usiku wako ulikuwa mwepesi kuliko huo, ila kanuni ya uandishi ni hiyohiyo. Wakati unasubiri, usiposti "kuna tetesi kwamba mzee amefariki", maana msomaji atabaki na neno la mwisho tu na kulisambaza. Kaa kimya. Kama uvumi umewafikia watu kiasi kwamba simu za studio hazikatiki, soma hewani sentensi mbili: "Tunafahamu kuna taarifa zinazosambaa kuhusu afya ya mzee. Tumeitafuta familia na tutawajulisha tutakapozungumza nayo." Neno kifo lisiwemo.

Ukishathibitisha, sentensi ya kwanza ibebe mwenye taarifa: "amefariki dunia leo alfajiri, mwanawe wa kwanza ameiambia redio hii." Neno "marehemu" lisitumike kabla ya hapo, hata kwenye jina la faili la picha, kwa sababu rasimu huposti zenyewe mtu akikosea kubonyeza. Sababu ya kifo iache mpaka familia iitaje. Mahali pa msiba nako andika walikokutajia, si unakodhani mzee anaishi.

Na ukishafika hapo, usiitupe orodha ya namba ulizopiga usiku ule. Streak alifariki kweli tarehe 3 Septemba 2023, siku kumi na moja baada ya uvumi ule, na mkewe ndiye aliyeandika kwenye Facebook. Wahariri walioumwa mara ya kwanza walihitaji mtu wa kumpigia ili wajue kwamba safari hii si uvumi tena.